Kichwa kisichosikia dawa: kisa cha mimba ya wiki 33

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo ambayo mkunga yeyote wa kliniki ya wajawazito ameyaona zaidi ya mara moja, kwa hiyo usimtafute mhusika. Namba zake ni za aina ile ile tunayoiandika kila siku kwenye kadi.

Aliyekuja ni dada wa miaka 24, mimba ya kwanza, wiki 33 na siku 4. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa bado. Alipita kuomba dawa ya kichwa tu, na aliomba radhi kwa kuja siku isiyo yake.

"Kichwa kimeanza lini, mama?"

"Tangu juzi, sista. Nimemeza parasetamoli mbili mbili, kinatulia kidogo kisha kinarudi pale pale. Kinanigonga huku mbele na nyuma ya macho."

"Na macho yenyewe yanaonaje?"

Akasita kidogo. "Jana jioni niliona kama vinyota vinamemeteka. Nikasema ni uchovu."

Alipoulizwa kuhusu pete, alionyesha kidole kitupu. Ilikuwa imembana, akaivua kwa sabuni wiki iliyopita. Asubuhi kope zinaamka zimejaa, na dada yake alikuwa amemwambia kwamba amenenepa uso. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokuja kukieleza. Alikuja kwa sababu ya kichwa, na kama angepewa tembe nyingine nne angeondoka ameridhika.

Kabla ya mashine ya presha kufungwa, kadi yake ilifunguliwa. Wiki ya 11, presha 108/66, mkojo hauna protini. Wiki ya 20, 98/60, mkojo safi. Wiki ya 26, 104/64, mkojo safi. Wiki ya 30, 126/82, uvimbe miguuni, uzito umepanda kilo 4 tangu hudhurio lililotangulia, na kwenye nafasi ya mkojo pana mstari mfupi. Mstari huo maana yake haukupimwa. Alieleza mwenyewe kwamba foleni ilikuwa ndefu, alikuwa ametoka kujisaidia kabla ya kuitwa, akaambiwa basi ataupima hudhurio lijalo.

Hebu tubaki kwenye hudhurio hilo la wiki ya 30 kwa muda, kwa sababu hapo ndipo kisa hiki kilipoanzia. Ukimpa mtu yeyote namba 126/82 peke yake, atakuambia ni presha nzuri. Na kwa kipimo cha kitabu ni nzuri kweli, maana mstari unaotenganisha presha ya kawaida na presha ya juu kwa mjamzito ni 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini. Lakini huyu alikuwa 104/64 wiki nne tu nyuma. Amepanda 22 juu na 18 chini. Presha ya mjamzito kwa kawaida hushuka kidogo katikati ya mimba, kisha hupanda taratibu kuelekea mwisho na kurudi karibu na pale alipokuwa kabla ya kubeba mimba. Huyu alipita pale alipoanzia, tena kwa mruko, wakati bado ana wiki kumi mbele.

Si kwamba mruko huo ni ugonjwa. Zamani ilifundishwa kwamba kupanda kwa 30 juu au 15 chini kunatosha kuuita ugonjwa, hata kama mama hajafika 140/90. Kigezo hicho kiliachwa kwa sababu wanawake wengi waliopanda hivyo walijifungua salama. Kilichobaki ni ushauri wa kumwangalia mtu wa namna hii kwa karibu zaidi, hasa kama mkojo nao una protini. Na hapo ndipo ule mstari mfupi kwenye kadi unapouma. Kipimo cha mkojo siku ile pengine kingeonyesha kitu, pengine kisingeonyesha. Kisingeonyesha, mama angeitwa tena baada ya wiki moja badala ya nne. Kingeonyesha, asingerudi nyumbani bila mpango. Kwa maoni yangu, asiyeweza kutoa mkojo wakati ule apewe maji, akae, asubiri. Kumruhusu aende na nafasi tupu kwenye kadi ni kuondoa nusu ya sababu iliyomleta.

Sasa turudi kwenye kiti. Dada ametembea juani, amepanda ngazi, amekaa tu na mkanda umeshafungwa mkononi. Mashine ikasoma 164/108. Aliyempima akafanya jambo sahihi: hakuiandika kama ndiyo presha yake, wala hakuipuuza. Alimwambia aende haja ndogo achukue na mkojo kwenye kikopo, kisha akae mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, asizungumze. Mkanda nao ukabadilishwa, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa mwembamba kwa mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza presha ambayo haipo, na mkanda mkubwa mno huificha iliyopo. Baada ya dakika kumi na tano za utulivu ikasoma 156/102. Imeshuka, lakini bado ipo juu ya mstari kwa namba zote mbili.

Kilichofuata huwa kinatokea sana, na mimi ningependa kiishe kabisa. Mwenzake aliyekuwa karibu akashauri: mlaze kwa ubavu wa kushoto apumzike, umpime tena. Wakamlaza. Mkanda ukabaki mkono wa kulia, ambao sasa upo juu. Ikasoma 140/88. "Unaona? Ilikuwa wasiwasi tu."

Haikuwa wasiwasi. Mtu akilala kwa ubavu wa kushoto, mkono wake wa kulia unakuwa juu ya usawa wa moyo, na kila sentimita moja juu ya moyo hupunguza kisomo kwa karibu 0.8. Mkono ukiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya moyo, unapoteza kati ya 12 na 16 kwenye namba zote mbili. Presha ya mama haijashuka, kilichobadilika ni mahali ulipouweka mkono. Ukitaka kumpima amelala, mkanda lazima uwe usawa wa moyo, vinginevyo mkalishe kwenye kiti tu. Wanawake wameruhusiwa kurudi nyumbani kwa kisomo cha namna hii, wakarudishwa usiku wakiwa katika degedege.

Kikopo cha mkojo kilikuwa mezani. Kijiti cha kupimia kina vibandiko vya rangi, kila kimoja na kazi yake, na cha protini huanza kikiwa njano. Kinachovywa, kinatolewa mara moja, kinapanguswa kwenye ukingo wa kikopo, na kinasomwa kwa saa mkononi, kwa kawaida sekunde 60, kwa kulinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kopo la vijiti. Ukikisoma upesi utakosa, ukikisahau mezani kitazidi kujikoleza rangi na kukudanganya. Cha huyu kiligeuka kijani kilichoiva, kinachoelekea bluu: protini alama tatu.

Swali la kwanza la mtu makini ni kama mkojo huo ni wa kweli. Uchafu wa ukeni, damu, maji ya uzazi yaliyovuja au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kuweka protini kwenye kikopo bila figo kuhusika. Ndiyo maana mama anaambiwa ajisafishe kwanza, aachie mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati. Dada huyu aliulizwa kama anaumia akikojoa, hapana. Kama maji yanamtoka, hapana. Kijiti hakikuonyesha damu wala dalili ya maambukizi. Alipokinga tena kwa uangalifu, rangi ikawa ile ile.

Kwa nini figo zivujishe protini kwa sababu ya mimba? Kiini cha yote ni kondo la nyuma. Mwanzoni mwa mimba, seli za kondo huingia kwenye mishipa midogo ya mfuko wa uzazi na kuipanua, ili damu imiminike kwa wingi na kwa utulivu. Kazi hiyo inatakiwa iwe imekamilika kufikia katikati ya mimba. Kwa baadhi ya wanawake haikamiliki. Mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo upungufu unavyozidi. Kondo lenye shida hiyo humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu utando laini unaofunika mishipa kwa ndani, mwili mzima.

Ukishaelewa hapo, dalili zote zinakaa kwenye mstari mmoja. Utando ukiharibika, mishipa hujikaza, na presha hupanda. Mishipa huvuja, na maji ya damu hutoka nje ya njia yake na kukaa kwenye nyama: uso hujaa, vidole hubana pete, uzito hupanda kwa siku chache kuliko mtu anavyoweza kunenepa. Kwenye figo, vichujio ambavyo siku zote huzuia protini isipite navyo huharibika, na protini inaonekana kwenye kijiti. Kwenye ubongo mvujo huo huleta kichwa kisichosikia dawa na vile vinyota. Ini likivimba, mama huumwa kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na wengi hudhani ni vidonda vya tumbo au kiungulia. Na upande wa mtoto, chakula na hewa hupungua, anakua kwa kuchelewa.

Hali hii inaitwa prieklampsia. Ikifika kwenye degedege inaitwa eklampsia, ndicho kifafa cha mimba tunachokijua. Haihusiani na kifafa cha kawaida, wala hailetwi na ugomvi au mawazo, ingawa ndugu wengi bado huanza kutafuta aliyemuudhi mjamzito.

Ninachotaka msomaji akione hapa ni mpangilio wa wakati. Presha na mkojo hubadilika wakati mama bado anajisikia vizuri kabisa. Hakuna mtu anayehisi protini ikipita kwenye figo zake, na presha ya 150 inaweza kukaa kwa mtu anayecheka na kufanya kazi zake zote. Kichwa na macho mara nyingi huja baadaye, ubongo ukishaguswa. Kliniki inayosubiri mama aseme anaumwa inasubiri hatua ya mwisho. Hii ndiyo sababu vipimo viwili vinavyoonekana vidogo, mkanda na kikopo, vinarudiwa kila hudhurio hata kwa mwanamke ambaye hana lolote, na hii ndiyo sababu mahudhurio husongamana kuelekea mwisho. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 una mahudhurio manane, na matano kati ya hayo ni kuanzia wiki ya 30 kwenda mbele.

Uvimbe ni habari nyingine. Miguu ya wajawazito wengi huvimba, hasa jioni, na ukibonyeza kidole shimo hubaki. Kwa peke yake haina maana kubwa, na uvimbe uliondolewa kwenye vigezo vya kuutambua ugonjwa huu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Wapo wanaovimba sana na presha yao ni 100/60, na wapo wanaoingia kwenye degedege wakiwa na vifundo vyembamba. Lakini uvimbe uliopanda usoni na mikononi, tena kwa siku chache, pamoja na uzito unaoruka kilo moja au zaidi kwa wiki, unastahili mkanda na kikopo siku hiyo hiyo. Alichoambiwa dada huyu wiki ya 30, kwamba ainue miguu akilala, hakikuwa kosa kwa miguu. Kilikuwa pungufu kwa mtu aliyepanda kilo 4 ndani ya wiki nne.

Tuseme sasa mkojo wake ungekuwa safi. Je, angeruhusiwa? Hapana. Zamani ilikuwa bila protini hakuna prieklampsia, lakini sasa inajulikana kwamba wapo ambao ini, damu au ubongo wao hushambuliwa kabla figo hazijavujisha chochote. Presha ya juu iliyoanza baada ya wiki 20, pamoja na kichwa kisichotulia au macho yanayomemeteka, inatosha. Kijiti kisicho na rangi hakimwondoi mama kwenye hatari ikiwa mengine yote yanasema kinyume.

Kwa kawaida utambuzi hutaka presha iwe juu mara mbili, angalau saa nne kati ya kipimo na kipimo. Utaratibu huo una maana kwa mwenye 142/90 asiye na dalili yoyote. Kwa huyu, mwenye 156/102, protini alama tatu, kichwa cha siku tatu na vinyota machoni, kungoja saa nne kliniki kungekuwa kuchezea maisha yake. Aliandikiwa rufaa ya dharura, na aliyempima alifanya jambo moja zaidi ambalo naona ndilo lililobadilisha mwelekeo: hakuingoja gari ndipo matibabu yaanze.

Alimpa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti pale pale. Gramu 4 zilizoyeyushwa ziliingizwa kwenye mshipa polepole, zaidi ya dakika tano, kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Inauma, na huwa inachanganywa na dawa kidogo ya ganzi.

"Sista, mwili mzima unawaka moto!"

"Ni dawa, mama. Itapita sasa hivi. Endelea kuniongelesha."

Joto hilo ni la kawaida. Magnesiamu haishushi presha, na hapo watu wengi hukosea, hata baadhi ya wahudumu. Kazi yake ni kuzuia degedege. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli hadi ya kupumua, na hutoka mwilini kwa njia ya mkojo tu. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata, kila saa nne, huangaliwa mambo matatu: goti likigongwa linaruka, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, na mkojo uliotoka kwa saa nne zilizopita haupungui mililita 100. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama, na kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya kuipinga, huwa imewekwa tayari karibu na kitanda.

Hospitalini alifika akiwa na 168/112. Hapo tumevuka mstari mwingine. Presha ya 160 juu au 110 chini kwa mjamzito ni dharura yenyewe, kwa sababu mshipa wa ubongo unaweza kupasuka, na inatakiwa ianze kutibiwa ndani ya nusu saa hadi saa moja. Alipewa nifedipini miligramu 10 ya kumeza. Haikupasuliwa na kuwekwa chini ya ulimi, mtindo wa zamani ambao huangusha presha kwa kishindo. Lengo halikuwa 120/80. Kondo lile lenye mishipa myembamba linategemea msukumo wa damu uliopo, ukiishusha mno kwa ghafla mtoto ndiye anayekosa. Baada ya dozi mbili alikaa 148/96, wakaridhika nayo.

Damu ilionyesha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 121,000. Kiwango cha kawaida huanzia 150,000. Vimeng'enya vya ini vilikuwa mara mbili ya kiwango. Alianzishiwa sindano za deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12 kwa dozi nne, kuyaandaa mapafu ya mtoto. Kwa wiki 33, kama mama angetulia, wangeweza kujaribu kuvuta siku. Kama angekuwa wiki 37, hata bila dalili kali, kusingekuwa na mjadala: anazalishwa.

Asubuhi iliyofuata chembe sahani zilikuwa 94,000, na alianza kuumwa chini ya mbavu za kulia. Hapo mazungumzo ya kuvuta siku yakaisha. Mume wake aliuliza swali ambalo kila mume huuliza, na ni swali la haki: "Si mpeni dawa za presha mpaka mtoto atimie?" Jibu alilopewa lilikuwa la wazi. Dawa za presha hulinda ubongo wa mama, hazitibu ugonjwa. Ugonjwa unatoka kwenye kondo, na kondo likiwa ndani utaendelea. Mtoto wa wiki 33 ana nafasi kubwa ya kuishi nje akiwa na wahudumu wanaomjua. Ndani ya tumbo lenye kondo hilo nafasi yake inapungua kila siku.

Alianzishiwa uchungu, maana upasuaji si lazima kwa sababu tu ya prieklampsia, na kwa mwenye chembe sahani zinazoshuka kisu kina hatari yake. Alijifungua kwa njia ya kawaida usiku wa siku ya pili, dozi za deksamethasoni zikiwa zimekamilika. Mtoto wa kike, gramu 1,610, mdogo kidogo kwa umri wake kama ilivyotarajiwa, akalia mwenyewe. Baada ya mtoto kutoka mama alichomwa oksitosini ya kuzuia damu. Ergometrini, ambayo hutumika kwa kazi hiyo hiyo, haikuguswa: hubana mishipa na ingeweza kuipandisha presha papo hapo.

Magnesiamu iliendelea kwa saa 24 baada ya kujifungua. Kichwa kilipoa siku ya pili, na chembe sahani zilianza kupanda siku ya tatu. Hapo ndugu wakaanza kufunga mizigo.

Siku ya nne mama alikuwa anacheka, anakamua maziwa, anaenda wodi ya watoto kumbeba mwanawe kifuani ngozi kwa ngozi. Presha: 158/106. Hakuamini. Wengi huamini kwamba kondo likitoka yamekwisha, na ni kweli kwamba kupona huanzia hapo, ila hakuishii hapo. Maji yote yaliyovujia kwenye nyama hurudi kwenye mishipa, na presha mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambao wanawake wengi wameshafika nyumbani. Degedege la baada ya kujifungua hutokea zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, lakini linaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye. Mzazi mwenye kichwa kikali siku ya tano anaambiwa ni usingizi mchache wa kulea. Inawezekana. Lakini apimwe presha kwanza, ndipo aambiwe hivyo.

Aliongezewa dawa zisizodhuru maziwa, akaruhusiwa siku ya saba akiwa na 136/86, na maagizo ya kupimwa presha baada ya siku tatu, kisha kila wiki. Wiki ya sita alikuwa 122/78 bila dawa, mkojo hauna protini. Hilo la mwisho si la kujifurahisha tu: protini ikibaki baada ya miezi mitatu, inabidi kutafuta kama figo zilikuwa na ugonjwa wake tangu kabla ya mimba.

Barua aliyopewa ina mistari michache, na aliambiwa aitunze pamoja na kadi. Inasema alipata prieklampsia kali kabla ya wiki 34, chembe sahani zilishuka hadi 94,000, mtoto alizaliwa na uzito mdogo. Inasema mimba ijayo aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, aanzishiwe asipirini ya dozi ndogo kuanzia wiki hiyo, kwa sababu dawa hiyo hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi ikianza kabla mishipa ya kondo haijamaliza kujengeka. Inasema apimwe presha kila mwaka hata asipobeba mimba tena, kwa kuwa waliopata ugonjwa huu wana hatari kubwa zaidi ya presha ya kudumu na ugonjwa wa moyo miaka inayokuja. Na chini kabisa mtu ameongeza kwa kalamu: mkojo upimwe kila hudhurio, asipoweza kukojoa asubiri.